Mtangazaji wetu anafunga kipindi cha asubuhi baada ya miaka 16: dakika nne za kuaga zipangwe vipi?

Mwandaaji_wa_Alfajiri

Habari za jioni wanajukwaa. Mimi ni mwandaaji wa kipindi cha asubuhi katika kituo kimoja cha redio hapa Dar es Salaam, ambacho naomba nisikitaje. Kipindi chetu kinaanza saa 12:00 na kumalizika saa 3:00 asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, na kimekuwa hewani tangu mwaka 2009 na mtangazaji yuleyule. Ijumaa ijayo ndiyo siku ya mwisho. Uongozi umetupa dakika nne za kuaga na umekubali zirushwe moja kwa moja, jambo ambalo si kila kituo hulikubali.

Dada yetu mtangazaji amezoea kuzungumza bila karatasi, lakini safari hii ananiambia kwamba akijaribu kulisema lile neno la mwisho peke yake jikoni, sauti inakatika. Naomba ushauri wa watu waliowahi kukaa studio. Je, aandike kila neno au azungumze tu? Kuaga kukae dakika gani ya kipindi? Nani atajwe na nani aachwe? Taarifa ya habari ya saa 3:00 huingia yenyewe kutoka kwenye kompyuta, wala haimsubiri mtu.

Kitelezi_Mstaafu

Mwanangu, nimekuwa fundi mitambo kwa miaka mingi, na nimeshuhudia watangazaji kadhaa wakiaga. Karibu wote walioharibikiwa hawakuharibikiwa na machozi, waliharibikiwa na saa. Mtu huanza kuaga zikiwa zimebaki dakika tano, anajiona ana muda wa kutosha, kisha anapofika kwenye neno lenyewe, habari inaingia na kumkata katikati ya jina la mama yake. Wasikilizaji hubaki na kipande hicho kichwani.

Kwa hiyo anza kuhesabu kutoka mwisho. Habari ni saa 3:00 kamili. Kiashirio cha kituo kabla ya habari tuseme ni sekunde 20, na matangazo ya biashara yaliyolipiwa ni dakika moja na nusu, ambayo huwezi kuyaondoa hata kwa siku kama hiyo. Kama wimbo wa mwisho una dakika nne na sekunde kumi, basi lazima uanze saa 2:54 kamili. Dakika zenu nne za kuaga, basi, zinaanza saa 2:50. Andikeni saa hizo kwa kalamu nene kwenye karatasi na muibandike juu ya kioo, upande wake na upande wa fundi.

Sasa siri ya mafundi wa zamani. Ikifika saa 2:54 fundi auanzishe wimbo hata kama mtangazaji bado anazungumza, lakini kitelezi chake, kile cha kupandisha na kushusha sauti, kiwe chini kabisa, usisikike hewani. Akimaliza kusema saa 2:54 na nusu, fundi anaupandisha taratibu, nao unaibuka ukiwa tayari umetembea nusu dakika. Utaishia palepale ulipotakiwa kuishia. Ndiyo maana huchaguliwa wimbo wa dansi wenye utangulizi mrefu wa magitaa, ili msikilizaji asihisi kuna kilichokatwa.

Kuhusu karatasi, aandike. Mpimie kasi yake kwa saa kabla ya kupanga lolote, maana Kiswahili kina maneno marefu na hesabu za watu wa lugha nyingine hazitufai.

Mwandaaji_wa_Alfajiri

Shikamoo Mzee, na asante sana. Leo mchana nimempima akisoma barua za wasikilizaji: anasoma maneno 105 kwa dakika kwa utulivu wake wa kawaida. Dakika nne ni maneno 420, lakini nafikiri tuandike 350 tu, ili abaki na nafasi ya kupumua.

Kitelezi_Mstaafu

Marahaba. Maneno 350 ni sawa kabisa. Kuna jambo moja zaidi nililisahau, na ni muhimu kuliko yote niliyosema. Muulize fundi wenu kitambua ukimya kimewekwa sekunde ngapi. Vituo vya siku hizi vina kifaa kinachosikiliza hewa, na kikikuta kimya kwa sekunde kadhaa kinadhani mtambo umekufa, kinajirushia muziki wa dharura chenyewe. Mtu anayeaga hunyamaza. Akinyamaza kwa uchungu kwa sekunde kumi na kifaa kimewekwa sekunde nane, mtasikia muziki wa dansi juu ya kilio chake.

Sauti_Safi

Kwa heshima zote, mimi naona mnajitafutia matatizo. Nimefanya kazi ya kuhariri sauti kwa miaka minne, na ushauri wangu ni kwamba arekodi kuaga kwake Alhamisi jioni akiwa ametulia, muihariri sauti yake, mkikata palipokwama, kisha Ijumaa mrushe. Hakuna hatari ya saa, hakuna hatari ya ukimya, hakuna hatari ya kulia. Msikilizaji hatajua tofauti.

Kitelezi_Mstaafu

Kijana wangu, nusu ya maneno yako naichukua kwa mikono miwili na nusu naikataa. Kurekodi Alhamisi ni jambo la lazima, kwa sababu huenda akaamka Ijumaa amepoteza sauti au amefiwa, na fundi anatakiwa awe na faili hilo mkononi. Lakini liwe akiba. Msikilizaji wa miaka 16 atajua tofauti. Anaijua pumzi ya studio ile ya asubuhi, anajua kwamba saa 2:50 sauti ya dada yule huwa imechoka kidogo kwa kuzungumza karibu saa tatu, na sauti ya Alhamisi jioni haina uchovu huo. Tena sauti iliyorekodiwa haiwezi kumjibu mtu aliyepiga simu dakika moja kabla yake.

Haki_ya_Mfanyakazi

Poleni sana. Mimi naona swali la msingi mmeliruka. Huyo dada amepewa taarifa kwa maandishi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa isiyopungua siku 28 kwa mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi. Asikubali kuaga kabla ya kushughulikia kiinua mgongo chake, na hayo ndiyo ayaseme hewani ili umma ujue.

Mwandaaji_wa_Alfajiri

Ndugu yangu, nashukuru kwa kumjali. Hajaachishwa kazi. Kipindi ndicho kinachofungwa, kwa sababu kituo kinabadilisha mtindo na kuweka muziki mwingi zaidi asubuhi, naye anabaki kufundisha watangazaji wapya. Hata hivyo umenigusa mahali ambapo hatujaelewana hapa kazini: je, sababu hiyo itajwe? Mkuu wa vipindi anasema neno "mabadiliko" linatosha.

Dereva_wa_Rangi_Tatu

Naombeni nami niseme, ingawa studio sijawahi kuingia. Mimi ni dereva wa daladala, natoka Mbagala Rangi Tatu. Miaka kadhaa iliyopita kulikuwa na kipindi cha asubuhi katika kituo kingine nilichokisikiliza kila siku. Kwangu kilikuwa saa ya mkononi: ukisikia magazeti yanasomwa na bado hujafika Mtoni kwa Azizi Ali, unajua umechelewa. Jumatatu moja nikawasha redio nikakuta muziki mtupu. Siku ya pili muziki. Hakuna aliyesema neno. Kondakta wangu akaniambia mtangazaji amefariki, abiria mmoja akasema amefungwa, mwingine akasema amehamia nje ya nchi. Nilimwombea dua kwa miezi miwili kama marehemu, mpaka mtu aliponionyesha picha yake akiwa harusini, mzima wa afya. Nilifurahi, lakini niliumia pia, kwa sababu nilijiona mtu niliyeachwa bila kuambiwa.

Kwa hiyo kuhusu sababu, mimi nasema aitaje. Tukiambiwa "mabadiliko" tutatafuta wenyewe ni mabadiliko gani, na tutakayoyapata mtaani ni mabaya kuliko ukweli.

Na kuna jambo la pili. Mnasema ataaga saa 2:50. Saa 2:50 mimi nimeshashusha, nimeegesha, nanywa chai na redio ya gari imezimwa. Mwalimu wa shule yuko darasani tangu saa moja na nusu. Mama wa Feri ameshauza samaki wake. Sisi tuliomsikiliza saa 12 tutaagwa saa ngapi?

Kitelezi_Mstaafu

Dereva, umenifundisha. Nilipoanza kazi, watu walikuwa wakikaa na redio moja nyumbani tangu alfajiri, na waliosikia mwanzo ndio waliosikia mwisho. Sikuwaza kwamba siku hizi watu wa saa 12 na watu wa saa 2:50 hawakutani kabisa.

Mwandaaji, badilisha mpango wangu. Aage mara tatu. Mara ya kwanza saa 12:10, baada ya habari za kwanza, kwa sekunde 40 tu: leo ni siku ya mwisho, kipindi kinafungwa kwa sababu fulani, mimi ni mzima, Jumatatu saa hizi mtamsikia fulani, asante ninyi mnaoamka mapema. Mara ya pili saa 1:10, hivyohivyo, lakini awataje walioko njiani na wanafunzi. Kisha lile refu la saa 2:50. Yale mafupi mawili yasiwe tangazo la kuwaambia watu wasubiri lile refu. Kila moja lijitosheleze, lianze na limalizike, kwa sababu anayelisikia hatasikia jingine.

Binti_Tegeta

Naunga mkono suala la kumtaja mtu wa Jumatatu. Nilisoma habari za Terry Wogan wa Redio ya Pili ya BBC kule Uingereza, aliyefunga kipindi chake cha asubuhi tarehe 18 Desemba 2009. Wasikilizaji walikuwa wameambiwa tangu Septemba, na mrithi wake, Chris Evans, alijulikana mapema na akaanza Januari iliyofuata. Wogan mwenyewe alirudi Februari 2010 na kipindi cha Jumapili. Watu walikuwa na huzuni lakini hawakuwa na swali.

Ila nina wasiwasi na orodha ya shukrani. Ukiruhusu majina, utataja thelathini na utamsahau wa thelathini na moja, ambaye ndiye aliyekuwa akifungua lango la kituo saa 10 usiku.

Mwandaaji_wa_Alfajiri

Binti, kwenye majina ndipo tulipogombana leo. Rasimu ya kwanza ya dada ilikuwa na majina 22, na nilipoisoma kwa saa ilichukua dakika mbili nzima bila kuaga mtu yeyote. Tumekubaliana atawashukuru wafanyakazi wote kwa kazi zao, si kwa majina: waliofungua lango, walioleta magazeti, waliokaa upande wa pili wa kioo. Jina litakuwa moja tu, la fundi wetu wa kwanza ambaye sasa ni marehemu. Mimi nilipinga, kwa kuhofia kwamba hapo ndipo atakapokatika. Yeye anasema bila jina hilo hana haja ya zile dakika nne.

Badala ya majina ameweka asubuhi moja. Desemba 2011, mafuriko yalipoizamisha Jangwani, kipindi kiliacha ratiba yake yote na kwa saa tatu watu walikuwa wakipiga simu kuuliza ndugu zao wako wapi na njia gani inapitika. Ameandika mistari sita tu kuhusu asubuhi ile, bila sifa yoyote kwake mwenyewe. Naamini mistari hiyo ina nguvu kuliko shukrani zote, kwa sababu kila aliyekuwa mjini siku zile ana asubuhi yake ya kuiweka hapo.

Kuhusu kitambua ukimya, Mzee, nimeuliza. Kimewekwa sekunde nane. Fundi amekubali kukipandisha hadi sekunde 30 kuanzia saa 2:45, na ameandika kwenye daftari la zamu kwamba lazima kirudishwe saa 3:05.

Sauti_Safi

Nimekubali hoja ya akiba. Naomba niongeze moja ya kwangu: mkichukua simu ya msikilizaji, muulizeni kabla hajaingia hewani kama anasikiliza kwa redio au kwa mtandao wa simu. Sauti ya mtandaoni huchelewa, wakati mwingine nusu dakika au zaidi. Akiacha imewashwa pembeni atajisikia mwenyewe akizungumza maneno ya zamani, na atachanganyikiwa.

Mwandaaji_wa_Alfajiri

Wanajukwaa, ni Ijumaa usiku na nimerudi kuwaeleza.

Saa 12:10 na saa 1:10 zilikwenda kama tulivyopanga. Sababu aliitaja kwa sentensi moja: kituo kimeamua asubuhi iwe ya muziki zaidi, na kipindi cha mazungumzo kimefika mwisho wake. Mkuu wa vipindi alikuwa amesimama nyuma yangu na hakufurahi. Jambo hilo bado hatujalimaliza, na Jumatatu nimeitwa ofisini.

Tatizo lilikuja kwenye simu ya mwisho. Mama mmoja wa Kigamboni aliingia saa 2:48, na tulitarajia atoke saa 2:50. Tulimuuliza kama redio imezimwa akasema ndiyo, na kweli redio ilikuwa imezimwa, lakini mwanawe alikuwa akisikiliza kwa simu nyingine kupitia mtandao, chumba hichohicho. Mama alijisikia akisalimia mara ya pili, akanyamaza, akauliza nani anazungumza. Dada hakumkata. Alimngoja mtoto azime simu, kisha akamwacha mama amalize. Alipotoka ilikuwa saa 2:51 na sekunde kumi.

Zilibaki dakika mbili na sekunde 50 kwa karatasi ya maneno 350. Kwa kasi yake hizo ni nafasi ya maneno kama 297. Nilimwonyesha kwa kidole aya ya tatu kupitia kioo, ile ya shukrani kwa wadhamini na viongozi, maneno kama 80, naye akaipiga mstari kwa kalamu huku akiendelea kusoma aya ya kwanza. Sijui mtu mwingine anayeweza kufanya hivyo bila sauti kutikisika. Nilishukuru kwamba tuliandika, kwa sababu usichokiandika huwezi kukipunguza.

Alisoma ya Jangwani vizuri. Alipofika kwenye jina la marehemu fundi, alilitaja, akanyamaza. Nilitazama saa ya ukutani. Sekunde tisa. Kifaa kingekuwa pale kilipokuwa wiki iliyopita, hewani ungeingia muziki wa dharura. Badala yake ilisikika pumzi yake tu, kisha akaendelea. Saa 2:54 fundi aliuanzisha wimbo kimyakimya. Dada alimaliza sekunde 25 baadaye kwa kutaja saa za Dar es Salaam kama alivyozitaja kila asubuhi, na magitaa yakapanda. Wimbo, matangazo, kiashirio, habari. Hakuna kilichogongana.

Haki_ya_Mfanyakazi

Nilisikia ile ya saa 1:10 nikiwa Ubungo kwenye foleni. Aliposema anabaki kazini na ni mzima, nilielewa kwamba nilikuwa nimeanzia mahali pasipofaa. Nakutakia heri huko ofisini Jumatatu. Uende na ile barua iliyoruhusu matangazo ya moja kwa moja.

Binti_Tegeta

Mimi bado naona wadhamini walistahili neno moja. Wao ndio waliolipia zile asubuhi.

Mwandaaji_wa_Alfajiri

Huenda ni kweli, Binti. Nitawaandikia barua kwa jina lake, ingawa najua barua si sawa na kusikika hewani.

Dereva_wa_Rangi_Tatu

Mimi nilikuwa Zakhem saa 12:10, gari limejaa. Nilipandisha sauti na kondakta akaacha kudai nauli mpaka amalize. Mzee mmoja aliyekaa siti ya mbele akasema, "Na wewe nenda salama, mama," kana kwamba anasikika. Nimeshalijua jina la kijana wa Jumatatu. Nitawasha nimsikilize.

Kitelezi_Mstaafu

Hongereni. Mwandaaji, kabla hujalala, jibu swali moja: mmechukua nakala? Kompyuta inayorekodi hewa ya kituo hujifuta yenyewe ikijaa, na huanza na ya zamani.

Mwandaaji_wa_Alfajiri

Mzee, nilichukua ile ya saa 2:50 peke yake. Zile mbili za mapema sikuzikumbuka kabisa. Nampigia fundi wa zamu ya usiku sasa hivi.